Kukinga Bitcoin ya muda mrefu kwa shoti bila kuiuza

Wakuu, kila wiki naulizwa hili inbox, kwa hiyo naliandika mara moja. Una Bitcoin unayotaka kukaa nayo miaka, unahisi bei itashuka kidogo, na hutaki kuiuza. Unafungua shoti, yaani mkataba unaokulipa bei ikishuka. Mfano wangu ni wa BTC 0.5 na bei ya dola 60,000.

1. Amua unakinga kiasi gani. Mimi nakinga nusu, yaani 0.25.

2. Hamishia USDT kwenye akaunti ya futures, chagua `BTCUSDT Perpetual`, weka `Isolated`.

3. Dhamana. Hapa ndipo nilipoumia. Shoti ya 0.25 ina thamani ya dola 15,000. Niliweka levareji ya 10, dhamana ikawa dola 1,500. Bei ilipanda kwanza. Ilipokaribia 65,700 soko likanifungia shoti kwa lazima, na 1,500 yote ikaondoka. Siku chache baadaye bei ikaporomoka hadi 52,000. Shoti ingekuwa hai ingenipa dola 2,000 na kufidia nusu ya nilichopoteza kwenye sarafu. Bitcoin yangu ilikuwa kwenye waleti ya pembeni. Ilipopanda thamani, soko halikuiona. Linaona dhamana tu. Siku hizi naweka dola 5,000 kwa shoti hiyohiyo, na kufungiwa kunasogea hadi karibu 79,600. Kabla ya kubonyeza, soma bei ya `Liq. Price` na ujiulize kama inaweza kufikiwa wiki hii.

4. Andika mapema bei ya kufunga, juu na chini. Funga kwa `Reduce-Only`, la sivyo ukikosea kiasi unajikuta umefungua longi, yaani mkataba wa kupanda.

MASWALI

— Mkuu, levareji ipi inalipa haraka?
Hii ni kinga. Rudia hatua ya 3.

— Nimeshorti 1 BTC, nina 0.5. Sawa?
Si sawa. Nusu umekinga, nusu umebeti. Punguza leo.

— Kukaa na shoti wiki mbili kunagharimu nini?
Swali zuri, ndugu yangu. Kuna fandingi, malipo kati ya wa longi na wa shoti, kwa kawaida kila saa 8. Masoko mengi kwa saa zetu za Dar ni saa 9 usiku, saa 5 asubuhi na saa 1 jioni. Ikiwa chanya, wa longi wanakulipa wewe. Ikiwa hasi, unalipa wewe: kwa 15,000, asilimia -0.05 ni dola 7.50 kila mara, 22.50 kwa siku. Mara nyingi inageuka hasi watu wakishaogopa wote, na hapo mimi huanza kupunguza shoti.

— Naweza kuweka Bitcoin yenyewe dhamana?
Ndiyo, kwenye mikataba ya `COIN-M`. Shoti ikilingana na sarafu ulizoweka, bei ikipanda dhamana inapanda nayo, hivyo kupanda pekee hakukufungii. Ila sarafu zako zinalala sokoni. Soko likifunga milango, zimefungiwa humo.

— Mimi huweka alamu ya bei kwenye simu, dola 5,000 kabla ya `Liq. Price`.
Nami pia. Iweke ya kuita kwa sauti, maana bei haisubiri uamke.