Kufuli mlangoni mwa choo: kuendesha fotovoisi kuhusu vyoo na maradhi bila kumponza mshiriki

Fotovoisi ni mbinu ya utafiti ambayo wakazi wenyewe hupiga picha za maisha yao, kisha hukaa pamoja kuzielezea na kuchagua zitakazotundikwa watu wazione. Caroline Wang na Mary Ann Burris waliianzisha miaka ya 1990 wakiwa na wanawake wa vijijini Yunnan, China. Hapa naeleza ninavyoiendesha uswahilini Dar es Salaam, nikifuata picha moja tangu ilipopigwa hadi tulipoamua isionyeshwe.

Hatua ya 1: Vibali na washiriki

Tafuta kwanza kibali cha maadili ya utafiti, kwa mfano cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kisha barua ishuke wilayani, kwenye kata, hadi kwa mtendaji wa mtaa na mjumbe. Mjumbe akukaribishe, ila usimwachie kazi ya kuchagua washiriki. Mara nyingi atakuletea wenye nyumba wenzake, na wapangaji wanaopanga foleni ya choo alfajiri hutawasikia. Mimi huchukua watu wanane kwa kundi, na wapangaji huwaweka peke yao. Hakuna mpangaji atakayesema ukweli kuhusu choo huku baba mwenye nyumba amekaa kiti cha pili.

Hatua ya 2: Mafunzo kabla ya kushika simu

Tenga siku nzima. Tunakubaliana kwamba hatupigi picha sura ya mtu, mtoto, mgonjwa, wala mtu anayeingia au kutoka chooni. Kitu cha mwenzako hukipigi bila kumwomba, na akikataa huulizi sababu.

Jambo linalohitaji muda zaidi ni kutapisha. Mvua zikinyesha, kaya nyingine hufungulia choo kilichojaa, uchafu ukaenda na maji ya mtaroni. Ni kosa kisheria, na bwana afya akiiona picha hiyo ukutani inageuka ushahidi. Kwa hiyo kutapisha tunakusimulia tu, hakupigwi picha.

Kabla ya kugawa simu, fungua mipangilio ya kamera na uzime Location. Usipoizima, picha inaweza kubeba ndani yake mahali nyumba ilipo.

Hatua ya 3: Swali moja, wiki moja

Swali langu ni hili: "Nini hapa nyumbani kinakufanya uogope kuugua, na nini kinakukinga?" Sitaji kipindupindu wala kuhara. Ukitaja ugonjwa, utaletewa picha za ugonjwa huo tu. Kila mtu hupiga hadi picha 15, halafu huchagua 3 za kuzungumzia.

Hatua ya 4: Kikao

Muulize mpigaji: tunaona nini, kinachoendelea hasa ni nini, kinatuhusuje, kwa nini kiko hivyo, tufanye nini? Usiitafsiri picha kabla yake.

Dada mmoja alileta picha ya mlango wa bati wenye kufuli. Mimi nilidhani anatuonyesha choo kinachotunzwa. Akasema, "Hiki kinafungwa saa nne usiku. Sisi tunabana mpaka asubuhi, na jioni sinywi maji. Kila mwezi napima, naambiwa UTI, kwa sababu ya choo kichafu." Wenzake wakaitikia. Tulikuja na hofu ya kipindupindu, wao wanaumwa mkojo.

Hapo usimkosoe. Ukisema "UTI haiji hivyo", kikao kimekwisha. Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Sisi tulimleta muuguzi baada ya kikao cha mwisho, naye akaeleza kwamba kubana mkojo na kutokunywa maji vyenyewe vinaweza kuchangia. Yaani kufuli lilihusika kweli, ila kwa njia tofauti na ile waliyoifikiria.

Hatua ya 5: Ridhaa ya pili

Ridhaa ya mwanzo ni ya kushiriki. Picha zikishachaguliwa, kaa na kila mshiriki faragha, upitie naye picha moja moja: nani ataiona, itatundikwa wapi, nani anaweza kuitambua? Swali hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Picha ya kufuli haikuwa na sura ya mtu hata mmoja, lakini bati lilikuwa na kiraka cha rangi ya bluu ambacho mtaa mzima unakijua. Mwenye nyumba angeiona ofisi ya mtaa, na dada yule angetafutiwa sababu ya kuhamishwa.

Yeye mwenyewe akatoa wazo. Tulinunua kufuli jingine, tukalifunga kwenye mlango wa stoo ya ofisi yetu, akalipiga picha. Chini tukaandika wazi kwamba picha imeandaliwa ili kulinda mtu, na maneno yake tukayaweka bila jina, umri wala idadi ya watoto. Ile ya awali tuliifuta kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye nakala ya akiba, yeye akiwa amekaa pembeni anatazama.