Wastani ni ule ule, madarasa si yale yale: kukokotoa mkengeuko sanifu kwa mkono

Madarasa mawili yamefanya mtihani mmoja wa hesabu. Kila darasa lina wanafunzi wanane, na alama zao, kuanzia ya chini, ni hizi:

Darasa A: 56, 57, 59, 60, 60, 61, 63, 64
Darasa B: 35, 42, 48, 60, 61, 70, 76, 88

Ukijumlisha, kila darasa linapata 480. Gawanya kwa 8, wastani ni 60 kote. Lakini mwalimu anayeingia darasa A anaweza kufundisha somo moja kwa wote, ilhali darasa B lina mwanafunzi wa 35 na mwingine wa 88 kwenye chumba kimoja. Mkengeuko sanifu ndio namba inayotuambia kwa ujumla alama zimekaa mbali kiasi gani na wastani wake. Nitaanza na darasa B, maana ndilo lenye kazi.

Hatua ya 1: Toa wastani kutoka kila alama. 35 toa 60 ni -25, 42 toa 60 ni -18, na kuendelea hivyo hivyo:

-25, -18, -12, 0, 1, 10, 16, 28

Kabla hujasonga mbele, zijumlishe. Jibu lazima liwe sifuri: hapa hasi zinafika 55 na chanya pia 55. Lisipokuwa sifuri, umekosea kutoa au wastani wenyewe si sahihi (kama uliukadiria kwa desimali, kasoro ndogo sana si tatizo). Ukaguzi huu ni wa sekunde chache, na wengi huuruka.

Hatua ya 2: Zidisha kila tofauti kwa yenyewe. Kwa kuwa jumla ya tofauti huwa sifuri siku zote, wastani wake hautuambii kitu. Tukizipandisha kwenye kipeo cha pili, alama za hasi zinatoweka:

625, 324, 144, 0, 1, 100, 256, 784

Utauliza, kwa nini tusifute tu alama ya hasi? Inawezekana, na kipimo hicho kipo. Kwa darasa B kingetoa 13.75. Ila kipeo cha pili kina tabia yake: kinawapa uzito mkubwa walio mbali. Mwanafunzi wa 70 yuko hatua 10 kutoka kwenye wastani na anachangia 100. Yule wa 88 yuko hatua 28, hata mara tatu hazifiki, lakini anachangia 784. Likumbuke hili, tutalihitaji mwishoni.

Hatua ya 3: Tafuta wastani wa miraba hiyo. Jumla ni 2234. Gawanya kwa 8, unapata 279.25.

Hatua ya 4: Tafuta kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha 279.25 ni takriban 16.7. Hatua hii inaturudisha kwenye alama za kawaida, maana 279.25 ni alama zilizozidishwa kwa alama. Ukiisahau hapa utajua: kwa mtihani wa 0 hadi 100, mkengeuko sanifu unaokokotolewa hivi hauwezi kuzidi 50.

Darasa A linakwenda haraka. Miraba ni 16, 9, 1, 0, 0, 1, 9, 16, jumla 52, gawanya kwa 8 ni 6.5; kipeuo chake ni takriban 2.5. Basi 2.5 dhidi ya 16.7, na wastani ule ule.

Kwenye jedwali la kompyuta, alama za darasa B zikiwa B2 hadi B9, andika:

```
=STDEV.P(B2:B9)
```

Itatoa 16.71. Ukitumia `STDEV.S` utapata 17.86, kwa sababu hiyo inagawanya kwa 7 badala ya 8. Inafaa pale wanafunzi wanane ni sampuli tu ya kundi kubwa unalotaka kulikisia. Hapa tunao wote, kwa hiyo tunagawanya kwa 8.

Sasa lile la kipeo cha pili. Chukua darasa C: wanafunzi saba wamepata 66 kila mmoja, wa nane kapata 18. Wastani ni 60 tena. Miraba ni 36 mara saba, pamoja na 1764, jumla 2016. Mkengeuko sanifu unakuja takriban 15.9, karibu sawa na darasa B. Lakini darasa C halijatawanyika hata kidogo: saba wako pamoja, na mmoja peke yake amebeba 1764 kati ya 2016. Kwa hiyo ukiona mkengeuko mkubwa, usiseme bado kwamba darasa zima limetawanyika. Rudi kwenye safu ya miraba ya hatua ya 2, uone ni nani ameukuza.