Umbali wa pointi hadi laini, na eneo la pembetatu

Jana jioni hapa Kondele nilikuwa na binamu yangu wa kidato cha nne akihangaika na hii kitu, so wacha niiweke hapa. Pointi ni A(1,2), B(5,5) na C(7,4), anataka umbali kutoka C hadi laini AB, halafu eneo la pembetatu.

Kutoka A hadi B unaenda kulia 4 na kupanda 3. Sasa andika laini ukitumia hizo namba hivyo hivyo, 3 kwa x na −4 kwa y. Kwa A, 3x − 4y inatoa 3 − 8 = −5, so unaongeza 5 ili ipate sufuri: 3x − 4y + 5 = 0, halafu weka A na B ndani uone kama zote zinatoa sufuri, mimi siruki hapo kamwe. Weka C: 21 − 16 + 5 = 10. Gawanya kwa √(3² + 4²), ambayo ni 5, umbali ni 2. Ile 5 ya mwisho wa mlinganyo haiingii kwenye kipeuo, wengi wanaiingiza.

Urefu wa AB pia ni 5, so eneo ni ½ × 5 × 2 = 5. Umeona? Ile 5 uliyogawanya ndio hiyo hiyo unazidisha, kwa hivyo ungechukua tu nusu ya 10. Lakini ukipunguza mlinganyo kwanza, kama 6x − 8y kuwa 3x − 4y, hiyo njia ya mkato inakataa, rudi kwa umbali.

Ukichora utaona mstari kutoka C unaokutana na laini AB kwa pembe ya digrii 90 unaangukia nje, umepita B. Usishtuke, laini inaendelea na eneo linabaki 5.