Somo: Wasifu kwa mfadhili, kwa wanaosimamia ufungaji wa miamba ya pweza Pemba

Mfadhili akiomba wasifu wa nusu ukurasa, anataka kujua unafanya nini, na nani, na atayahakikishaje unayosema.

1. Anza na kazi yenyewe. "Ana uzoefu mkubwa wa uhifadhi" haimwambii kitu. Andika hivi: "Kila bamvua hukaa dikoni Kisiwa Panza na mizani ya kuning'iniza, akapima pweza mmoja mmoja na kuandika uzito, mwamba aliotoka na saa alizokaa mvuvi majini."

2. Taja aliyeamua. Kama mwamba ulifungwa na kamati ya wavuvi ya shehia, usiandike "alifunga mwamba". Andika kwamba kamati ilichagua mwamba na tarehe, kina mama wanaochokoa pweza kwa miguu walikubali mipaka, na wewe ulifundisha upimaji. Mfadhili akipiga simu shehiani, asikie hadithi ileile.

3. Matokeo. Hapa nakuombeni mkae sana. Mwamba ukifungwa miezi mitatu, pweza hukua upesi, na siku ya kufungua watu humiminika. Chukua namba za mfano: kabla ya kufunga, wavuvi 15 walipata kilo 30 kwa siku, siku ya kufungua, wavuvi 42 wakapata kilo 210. Ukiandika "mavuno yaliongezeka mara saba" hujasema uongo, lakini umempotosha msomaji, kwa sababu watu nao wameongezeka. Kwa kila mvuvi ni kilo 2 kupanda hadi 5, yaani mara mbili na nusu. Andika hiyo, kisha ongeza mavuno ya bamvua mbili zilizofuata, maana siku ya kwanza peke yake haionyeshi kama faida imedumu. Weka pia mwamba wa jirani usiofungwa. Nao ukipanda vilevile, huenda ni msimu tu.

Malizia kwa kusema daftari linakaa wapi na nani mwengine ana nakala.

Maswali ya wanachama

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Ufungaji wetu wa pili ulitoa pungufu kuliko wa kwanza. Niuache?

Jibu: Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Uandike, pamoja na sababu mnayoijua. Kama mwamba uliibiwa usiku kabla ya kufunguliwa, sema hivyo, na useme kamati ilibadilisha nini kwenye zamu za ulinzi. Daftari likikaguliwa, pengo hilo litaonekana tu.

Swali: Mimi sina shahada, napima tu dikoni. Niandike nini?

Jibu: Dada, andika hiyohiyo. Anayeshika mizani ndiye anayeweza kueleza namba zilivyopatikana. Taja mwaka ulioanza, diko lako na aliyekufundisha.

Swali: Niweke simu ya sheha?

Jibu: Muombe ruhusa kwanza. Akikubali, mpe nakala ya wasifu aisome kabla hujautuma.