SOMO: Assure, ensure na insure kwenye barua pepe za wateja

Swali la lipi utumie kati ya haya matatu nimelijibu hadi nimechoka. Naliweka hapa, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo tu.

Hatua ya 1. Sema sentensi yako kwa Kiswahili kwanza.

Hatua ya 2. Kama ni habari ya bima, ni *insure*. Imeisha hiyo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu sisi tuna "hakikisha" moja inayobeba *assure* na *ensure*. Dawa ni kuangalia mnyambuliko. "Tutahakikisha mzigo unafika Ijumaa" inataja jambo utakalolisimamia: *We will ensure that the shipment arrives on Friday.* "Tunakuhakikishia kwamba mzigo umeshaondoka" inamtoa mtu wasiwasi: *We assure you that the shipment has left.* Ukisikia "-kuhakikishia", yupo mtu, na *assure* inamtaka huyo mtu mara tu baada yake. *We assure that the shipment...* imemsahau. *We ensure you that...* imemchomeka pasipo pake.

Tahadhari: *ensure* ni ahadi ya kutenda. Kama msafirishaji si wako, andika *we expect*.

Tahadhari kubwa zaidi: *We will insure the shipment*, wakati ulimaanisha utausimamia. Mteja atajua umeukatia bima. Mzigo ukilowa njiani, atakudai hati ya bima, na barua yako anayo. Kikagua tahajia hakikuonyi, maana maneno yote matatu yamo kwenye kamusi.

MASWALI

*Mkuu, kwa kifupi, nitumie ipi?*
Hatua ya 3.

*Mteja wangu Mmarekani kaandika "insure that the work is done". Kakosea?*
Swali zuri. Kamusi za Kimarekani zinakubali *insure* kwa maana ya *ensure*. Waingereza wengi huiachia bima, ingawa bima ya maisha wao huiita pia *life assurance*. Wewe andika *ensure*. Hakuna upande utakaokusahihisha.

*Mbona naandika "We assure that" miaka yote na wateja wananielewa?*
Kuelewa wanaelewa. Swali lilikuwa usahihi.

*Bosi kanirudishia "We will affect payment on Monday". Si affect ndiyo kitenzi?*
Mara nyingi ndiyo, na *effect* ni nomino, kwa hiyo mtego wako naujua. Ila *effect* nayo huwa kitenzi, maana yake kutekeleza. *Affect* ni kuathiri, yaani umemwambia mteja Jumatatu mtayaathiri malipo. Andika *We will pay on Monday*, yote mawili uyakwepe.

*Nyongeza: "Please advice". Kitenzi ni advise, kwa s.*
Asante ndugu, hiyo naiona kila wiki. Nami naongeza: *We will keep you apprised*, yaani tutakujulisha. Ukiandika *appraised*, unamtathmini mteja thamani yake.