Jinsi ya kutoa kujisifu kwenye ripoti ya mwaka ya shirika, hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia dada mmoja wa shirika dogo la maji vijijini kunyoosha ripoti yao ya mwaka, nikaona niandike maana wengi mnahangaika na hii kitu. Sentensi iliyotukalisha muda mrefu ni hii: “Tumebadilisha kabisa maisha ya wananchi 2,000 kwa kuwapatia maji safi na salama.”

Hatua ya 1. Printi drafti, chukua kalamu nyekundu, pigia mstari kila neno la sifa: kabisa, makubwa, ya kipekee. Fanya kwenye karatasi, kwenye skrini jicho linateleza tu.

Hatua ya 2. Hapa ndo kwenye kazi. Fungua Excel, kila namba ya ripoti ipe mstari wake, pembeni andika imetoka wapi, lini, na faili analo nani. Ile 2,000 tuliifuata mpaka tukakuta hakuna aliyehesabu watu, mtu alichukua visima 8 akazidisha mara 250, kwa sababu Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilitaka kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250 ndani ya mita 400. Sasa hicho ni kiwango cha kupangia, sio idadi ya wanaochota. Namba za hivi utazijua tu, zimekaa sawasawa mno na ukiomba daftari zilikotoka halipo. Usiitupe, iandike kama ilivyo, kwamba ni uwezo wa visima. Halafu tafuta kilichoonwa kwa macho. Kwao fundi alipita Novemba akakuta 6 vinatoa maji na 2 pampu zimekufa, na karatasi yake ilikuwa kwenye faili muda wote, haijaingizwa popote. Neno “salama” nalo linadai majibu ya maabara, kama yapo taja tarehe ya kipimo, maana maji yaliyopimwa siku ya kuchimba hayasemi chochote kuhusu hali yake baada ya masika, na kama hayapo lifute.

Hatua ya 3. Andika upya: “Tulichimba visima 8 vyenye uwezo wa kuhudumia hadi watu 2,000. Ukaguzi wa Novemba ulikuta 6 vinatoa maji na 2 vinasubiri vipuri vya pampu. Idadi ya watumiaji haijahesabiwa.” Bosi atataka kuficha vile viwili, mwambie mfadhili akienda kijijini atavikuta.

Hatua ya 4. Msiandike “mradi wetu umepunguza utoro shuleni” kama hamkuchukua mahudhurio kabla ya kisima, au kama RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, nao walivuta bomba kata hiyohiyo. Weka mahudhurio ya kabla na baada, na bomba la RUWASA litajwe hapohapo.

Hatua ya 5. Neno la mwenyekiti liandikwe mwisho kabisa, na namba achukue kwenye ile Excel tu.