Tumbo la chini likiuma: mambo ya kuzingatia kabla hujameza dawa ya "UTI"

Si kila maumivu ya tumbo la chini kwa mwanamke ni UTI; yanaweza kuwa PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija, ambayo dawa ya "UTI" haiyamalizi. Kwanza pima mimba. Kile kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinatosha kuanzia, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi huleta maumivu yale yale ya chini ya kitovu, na hiyo haisubiri umalize dozi. Kumbuka tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Usijioshe ndani kwa sabuni wala ndimu ili "uende hospitali msafi". Daktari anautaka huo uchafu auone ulivyo. Beba karatasi za vipimo vya nyuma na pakiti za dawa ulizokwisha kumeza, hata kama ulipewa na jirani. Hayo ni mepesi, tuyaache.

Ujue pia unachokwenda kutafuta. PID ni maambukizi yaliyopanda. Bakteria huanzia ukeni au kwenye mlango wa kizazi, wakapita mji wa mimba, wakaingia kwenye mirija, na pengine wakafika hadi kwenye vifuko vya mayai. Klamidia na kisonono ndio wanaotajwa sana, na klamidia ni mbaya zaidi kwa ukimya wake, kwani mwanamke anaweza kukaa nayo miezi bila kuhisi chochote. Lakini si kila PID imeletwa na mtu. Bakteria wa kawaida wa ukeni wakivurugika, ukaanza kutoka ule ute wa kijivu wenye shombo la samaki, nao hukutwa huko juu. Mlango wa kizazi ukiwa umeguswa, yaani baada ya kujifungua, mimba kuharibika, au katika wiki tatu za kwanza za kuwekewa kitanzi, njia huwa rahisi zaidi. Kwa hiyo usiitishe kikao cha ukoo kabla ya majibu.

Sasa lile kubwa, na hapa naomba unisikilize: usiondoke hospitali ukiwa na maumivu ya tumbo la chini bila kupimwa kwa mkono. Mkojo peke yake hautoshi. Altrasaundi peke yake haitoshi. Damu ya taifodi ndiyo kabisa.

Mimi nimefanya kazi wodi ya kina mama, na bado wifi yangu aliugua nisijue. Alinificha, maana mke wa kaka anaanzaje kumwambia wifi habari za huko chini? Alikuwa na maumivu pande zote mbili chini ya kitovu, tendo la ndoa limekuwa mateso, na matone ya damu kila baada ya tendo. Akaenda duka la dawa. Muuzaji hakuuliza mengi: "Hiyo UTI, dada." Akapewa sipro ya siku tano. Maumivu yakapungua kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu sipro inaweza kuwapunguza baadhi ya bakteria bila kuwamaliza. Kisonono kimeizoea dawa hiyo siku nyingi, na klamidia haitegemewi kutibiwa nayo.

Yaliporudi, akaenda zahanati. Mkojo ukapimwa, zikaonekana chembe nyeupe, ikaandikwa UTI tena. Hakuna aliyemwambia kwamba ute wa ukeni ukichanganyika na mkojo kwenye kile kikopo, chembe hizo huonekana vile vile. Mara ya tatu akaambiwa ana taifodi, akachomwa sindano. Akajilipia altrasaundi, majibu yakasema kizazi kiko sawa, akarudi nyumbani akiamini ni gesi. Altrasaundi inaonyesha vizuri jipu au mrija uliojaa maji, lakini mrija uliovimba kidogo na kuwa mwekundu ndani haiuoni. Picha nzuri haimaanishi huna PID.

Aliyeigundua ni tabibu mmoja mama mtu mzima, bila mashine yoyote. Alivaa glovu, akaingiza vidole viwili, mkono wa pili akauweka juu ya tumbo, akausogeza mlango wa kizazi kushoto na kulia. Wifi yangu aliruka kitandani nusura ampige teke. Hicho ndicho kipimo. Zipo sehemu tatu tu anazozitafuta: mlango wa kizazi ukisogezwa, mji wa mimba ukibonyezwa, na pembeni zilipo mirija. Mwanamke anayefanya ngono, ana maumivu ya tumbo la chini yasiyo na sababu nyingine iliyoonekana, na moja tu ya sehemu hizo inauma, anaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Joto kupita 38.3, usaha kwenye mlango wa kizazi, au majibu ya klamidia na kisonono yakisema vipo, huongeza uhakika. Yakisema havipo, tiba haisimamishwi kwa hilo, kwa sababu wadudu wa mlangoni wanaweza kuwa wameondoka wakati wale wa kwenye mirija bado wapo.

Najua kipimo hicho kinatia aibu. Omba mhudumu wa kike, au omba nesi akae nawe chumbani. Si ujeuri kuomba hivyo. Ila ukiambiwa "haina haja, nenda kapime mkojo tu", uliza kwa upole: "Daktari, hunipimi kwa mkono?" Mara nyingi swali hilo humrudisha mtu kwenye glovu zake.

Kwa nini nakazania siku? Ndani ya mrija kuna vinyweleo vidogo vinavyolisukuma yai kuelekea kwenye kizazi. Maambukizi huvichoma vinyweleo hivyo, na kuta zinapopona hugandana kama kidonda kilichofungwa vibaya. Dawa huwaua bakteria lakini kovu hailiondoi. Huko Lund, Uswidi, waliwafuatilia wanawake waliothibitishwa PID kwa kamera ya tumboni kati ya 1960 na 1984. Waliougua mara moja, karibu 8 kati ya 100 walikosa mtoto kwa sababu ya mirija. Waliougua mara mbili, karibu 20. Mara tatu au zaidi, 40. Soma namba hizo tena kabla hujasema "itapita yenyewe".

Dawa zenyewe hazina maajabu. Mwongozo wa 2021 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwa mgonjwa anayetibiwa akitokea nyumbani, unataja sindano moja ya seftriaksoni miligramu 500 kwenye msuli, doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, na metronidazoli miligramu 500 mara mbili kwa siku, vidonge hivyo viwili kwa siku 14. Hospitali yako inaweza kufuata mwongozo wa nchi wenye tofauti kidogo, usigombane nao. Nimezitaja ili ujue kwamba dozi ni ya mchanganyiko, kwa kuwa wadudu ni wa aina nyingi. Ukipewa kidonge kimoja cha siku tatu, uliza. Doksi imeze na maji mengi ukiwa umekaa wima, usiimeze ukajilaza, inachoma koo. Usiimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya kuongeza damu, vinaifunga isifanye kazi. Kama una mimba, doksi haikufai, na PID ukiwa na mimba ni ya kulazwa. Wengine wa kulazwa ni anayetapika kila anachomeza, mwenye jipu, mwenye homa kali, na yule ambaye daktari bado anashuku kidole tumbo.

Siku ya tatu rudi ukaonekane, hata ukijisikia vizuri. Kufikia saa 72 maumivu yanapaswa kuwa yamepungua waziwazi. Yasipopungua, dawa haijashika, au kuna jipu, au ugonjwa ni mwingine kabisa. Kama una kitanzi, kwa kawaida hakitolewi siku ya kwanza. Wanaangalia kwanza kama dawa zinafanya kazi.

Halafu mume. Wifi yangu alimaliza siku zake 14 vizuri, akapona. Kaka yangu ni dereva wa lori, njia ya Tunduma, na aliporudi nyumbani akakataa dawa: "Mimi siumwi popote, nikamezee nini?" Mwanaume mwenye klamidia mara nyingi haumwi kweli, hilo hakudanganya. Anakupa tu. Yeyote uliyelala naye ndani ya siku 60 kabla ya kuumwa anatakiwa kutibiwa, awe na dalili au asiwe nazo, na msikutane mpaka wote mmemaliza dawa na maumivu yako yameisha. Hawakusubiri. Maumivu yakarudi kwa mara ya pili, na hapo ndipo kaka akakubali kumeza vidonge, huku uso ameukunja.

Walipoanza kutafuta mtoto na mtoto hapatikani, akapigwa picha ya mirija, ile HSG, ambapo dawa ya rangi hupitishwa kwenye mlango wa kizazi na kuangaliwa inakotokea. Kulia ilisimama, mrija umevimba umejaa maji. Kushoto ilipenya kidogo kama uzi. Tukafurahi na huo uzi. Mimba ilishika kweli upande wa kushoto, lakini ilikwama njiani, kwa kuwa mbegu ya kiume ni ndogo inapita, yai lililokwisha kurutubishwa ni kubwa halipiti. Aliingizwa chumba cha upasuaji usiku, damu ikiwa imejaa tumboni, na mrija wa kushoto ukatolewa. Sasa njia iliyobaki ni kurutubisha yai nje ya mwili na kulipandikiza, na hata huko daktari ameshamwambia ule mrija uliojaa maji utolewe au ufungwe kwanza, maana yale maji yanapunguza uwezekano wa mimba kushika.

Kwa hiyo kama umewahi kuugua PID, siku hedhi ikichelewa usingoje kliniki ya miezi mitatu. Pima, na ikiwa ipo, nenda altrasaundi mapema, kwenye wiki ya sita hivi, ukaambiwe imekaa wapi. Ukiwa na maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu yanayopanda hadi begani, hiyo ni hospitali sasa hivi, usiku huo huo.

Kama ilikutwa klamidia au kisonono, rudi upimwe tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu wengi huambukizwa upya. HSG usifanyiwe wakati bado una maambukizi, itawasukuma wadudu juu zaidi. Vidonge vya kuweka ukeni vya "kusafisha kizazi" na chai za "kuzibua mirija" zinazouzwa mitandaoni achana navyo. Hakuna chai inayofikia kovu lililo ndani ya mrija, na hivyo vya kuweka ukeni vinaweza kuvuruga bakteria wa kawaida ambao ndio walinzi wako. Ukichomwa sindano, kaa pale kwenye benchi kidogo kabla ya kupanda bodaboda. Na kama penisilini iliwahi kukutoa vipele au kukubana kifua, sema kabla hawajavuta dawa kwenye sindano, hata kama hawajakuuliza.